Mteja Mkubwa Anayekula Faida ya Wadogo

Saa mbili na robo asubuhi, lori nililokuwa nimepanda lilikuwa la saba kwenye foleni nyuma ya supamaketi moja hapa Kampala. Dereva alizima injini, utingo akashuka kutafuta chapati. Tulikuwa na mzigo mdogo tu: sabuni ya mche, sabuni ya unga na karatasi za chooni, ankara yake kama shilingi milioni 1 na laki 4. Zamu yetu ilipofika, mpokeaji mizigo alihesabu katoni moja moja, akarudisha mbili kwa sababu kona za boksi zilikuwa zimebonyea, kisha akaenda kumtafuta mtu wa kugonga muhuri. Tulitoka saa nne kasoro robo. Dereva akaniambia, "Bosi, leo tumebahatika. Jumamosi hapa unatoka saa sita."

Saa moja na nusu ile haikuandikwa popote. Kwenye daftari la lori kulikuwa na kilomita na lita za dizeli. Kwenye ripoti ya mauzo kulikuwa na jina la mteja na kiasi alichonunua. Mwisho wa mwezi mteja huyo alikaa kileleni mwa orodha, na kila mtu ofisini akamsifu meneja wa mauzo anayemhudumia.

Nimefanya kazi ya uhasibu wa gharama kwa wasambazaji wa bidhaa za nyumbani kwa miaka mingi, na kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote ni hili: kampuni inajua faida ya kila bidhaa lakini haijui faida ya kila mteja. Inajua sabuni ya mche ina faida ghafi ya asilimia ngapi, ila ukiuliza ni wateja gani wanaoleta hasara, utaambiwa hakuna, kwa sababu hatuuzi chini ya bei ya kununulia. Jibu hilo linasahau kila kinachotokea kati ya stoo na siku pesa inapoingia benki.

Sitatoa hesabu za kampuni ya mtu. Nimejenga kampuni ya mfano, yenye umbo la zile ninazozifahamu, na tarakimu zake nimezifanya nyepesi ili tuweze kuzifuata pamoja. Ni msambazaji wa Kampala mwenye mauzo ya shilingi bilioni 7.5 kwa mwaka bila kodi. Kwa bei ya kawaida, faida ghafi ni asilimia 18, na gharama za kuipokea bidhaa, kuitunza stoo na kuipakia zimeshahesabiwa humo. Gharama za kuuza na kuhudumia wateja ni milioni 900, yaani asilimia 12 ya mauzo. Riba ya benki imewekwa kando, chini kabisa ya hesabu ya faida na hasara, na tutairudia.

Wateja wawili wanatosha. Wa kwanza ni supamaketi yenye matawi 8 kati ya Kampala na Entebbe, inanunua milioni 1,200 kwa mwaka. Wa pili ni Hajati mmoja mwenye duka la jumla Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya Kampala, ananunua milioni 480. Hajati anauziwa kwa bei ya jumla iliyopunguzwa, kwa hiyo faida ghafi yake ni asilimia 11 tu.

Sasa fanya hesabu kama wengi wanavyoifanya. Gharama za kuuza ni asilimia 12 ya mauzo, basi kila mteja anabebeshwa asilimia 12. Supamaketi inabaki na asilimia 6, yaani faida ya milioni 72. Hajati anabaki na hasara ya asilimia 1, karibu milioni 5. Mkurugenzi anaona jedwali hilo na kuamua jambo linaloonekana la busara kabisa: Hajati apandishiwe bei, na supamaketi itafutiwe matawi mengine ya kuhudumia. Akipenda, chongo huita kengeza, na hapa hata jedwali limemsaidia kupenda.

Tatizo liko kwenye ile asilimia 12 inayosambazwa sawasawa. Lori halichomi dizeli kwa sababu ankara ina tarakimu kubwa. Karani hachoki zaidi kuandika ankara ya milioni 10 kuliko ya laki 3. Gharama hizi huzaliwa na matendo ya mteja: ameagiza mara ngapi, tumempelekea mara ngapi, tumesubiri kwake muda gani, amerudisha mara ngapi, amekaa na pesa zetu siku ngapi. Kumgawia mteja gharama kwa ukubwa wa mauzo yake ni kumtoza kwa kitu ambacho hakikusababisha gharama hiyo.

Kwa hiyo zile milioni 900 tunazifungua, na tunazigawa kwa kazi zinazofanyika, si kwa majina ya mafungu yaliyo kwenye vitabu. "Mishahara" haituelezi kitu. Kupokea oda na kutoa ankara, pamoja na kuiingiza kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, kunakula milioni 108, na oda ni 18,000 kwa mwaka. Kila oda basi ni shilingi 6,000, iwe kubwa au ndogo. Kupokea bidhaa zilizorudishwa, kuzikagua na kuomba noti ya krediti kwenye mfumo huohuo kunakula milioni 54 kwa marejesho 1,800, sawa na shilingi 30,000 kila moja kabla hujahesabu thamani ya bidhaa iliyoharibika. Kazi ya wauzaji na wapanga rafu ni milioni 210, na ufuatiliaji wa madeni ni milioni 48. Milioni 60, yaani mshahara wa meneja mkuu wa mauzo na ofisi yake, siwezi kwa haki kumbebesha mteja yeyote, kwa hiyo naziacha chini bila kuzigawa. Nikizilazimisha zigawanyike nitakuwa nimerudia kosa lilelile.

Fungu kubwa ni usafirishaji, milioni 420, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wakisikia usafirishaji hushika kilomita. Kwa safari za mbali kilomita zina maana, lakini ndani ya mji kinacholiwa ni muda. Lori lililosimama kwenye foleni halichomi dizeli, ila dereva analipwa, utingo analipwa, ada ya kukodi lori inadaiwa, na duka jingine linalosubiri mzigo halifikiwi siku hiyo. Kwa hiyo napima kwa saa. Kampuni ina malori 5. Ukiondoa siku za gereji, mapumziko na msongamano wa asubuhi wa kutoka bohari, kila lori linaweza kufanya kazi ya kweli saa 2,000 kwa mwaka. Jumla ni saa 10,000, na kila saa ni shilingi 42,000.

Angalia kwamba nimegawanya kwa saa zinazowezekana, si kwa saa zilizotumika. Saa zilizotumika mwaka huo zilikuwa 8,500. Saa 1,500 zilizobaki, zenye gharama ya milioni 63, ni za malori yaliyokaa bure, na hakuna mteja aliyezisababisha. Mkurugenzi ndiye mwenye swali hilo la kujibu. Nikizitupa juu ya wateja, mwaka ambao biashara inapungua kila mteja ataonekana ghali zaidi ingawa hajabadilisha chochote, na tutaanza kuwapandishia bei wale ambao bado wamebaki nasi.

Wataalamu wa hesabu za gharama Robert Kaplan na Steven Anderson walilieleza tatizo hili vizuri mwaka 2004 walipopendekeza kupima gharama kwa muda. Kabla ya hapo wahasibu walikuwa wakiwauliza wafanyakazi wagawe siku yao kwa asilimia, na majibu ya kila mtu yalifika 100 kamili. Nimeliona mwenyewe. Hakuna karani atakayekuandikia kwamba asilimia 15 ya siku yake anakaa bila kazi. Ukipewa uchambuzi wa wateja ambao saa zote za malori na za watu zimewaangukia wateja bila kubaki hata moja, shuku vipimo vyake kabla hujasoma majina.

Turudi kwa supamaketi. Faida ghafi yake ni milioni 216. Kabla ya kugusa gharama za kumhudumia, kuna punguzo la mwisho wa mwaka la asilimia 3 alilolipigania kwenye mkataba, milioni 36, na michango ya matangazo na nafasi nzuri za rafu, milioni 14. Kwenye vitabu hizi ziliandikwa kama gharama za masoko za kampuni nzima, na ndiyo maana hazikuonekana kwenye jina lake. Ni sehemu ya bei yake. Baada ya kuzitoa, kilichobaki ni milioni 166.

Kila tawi linaagiza peke yake mara 2 kwa wiki, hivyo kwa mwaka ni oda 832. Makaratasi yake ni milioni 5, hayana uzito. Lakini kila oda ni safari, na kila safari, pamoja na ile foleni, inachukua wastani wa saa 2 na nusu. Saa 2,080 kwa shilingi 42,000 ni milioni 87.4. Ukitaka kuliona kwa karibu, chukua ankara moja ya milioni 1 na laki 4 kama ile tuliyoipeleka asubuhi ile. Faida yake ghafi ni kama shilingi 252,000. Lori peke yake limekula 105,000, na katika hizo, 63,000 zimeliwa wakati limesimama.

Wapanga rafu 4 waliowekwa kwenye matawi yake wanagharimu milioni 26.4. Muuzaji anayemshughulikia yeye tu, milioni 18. Marejesho 240 ni milioni 7.2, na bidhaa zilizorudi zikiwa haziuziki tena ni milioni 10. Kuna karani anayetumia nusu ya mwaka kulinganisha taarifa yake ya hesabu na yetu, kutafuta ankara zilizopotea na kupiga simu. Weka milioni 8.

Halafu tufike kwenye riba, ambayo nilisema tutairudia. Mkataba unasema siku 45. Nikipanga tarehe za ankara na tarehe za pesa kuingia benki, wastani halisi ni siku 95. Kwa siku zote hizo ni pesa gani iliyokaa nje? Bidhaa zilitugharimu milioni 984. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18 ya mauzo, yaani milioni 216. Sehemu ya kodi hiyo tulimlipa mtengenezaji tuliponunua, na iliyobaki tuliipeleka URA kabla ya tarehe 15 ya mwezi uliofuata, kwa sababu msambazaji wa ukubwa huu anadaiwa kodi kwa tarehe ya ankara, awe amelipwa au hajalipwa. Ukijumlisha, milioni 1,200 zimetoka mfukoni mwetu kwa ajili yake kwa mwaka. Nikipuuza zile wiki chache kabla kodi haijafika URA, kwa siku 95 maana yake wakati wowote ule tuna kama milioni 312 mikononi mwake. Ovadrafti yetu ni asilimia 18 kwa mwaka, hivyo kumkopesha kunatugharimu milioni 56.2.

Jumlisha sasa: kumhudumia kumetugharimu milioni 218.2, naye ametuachia milioni 166. Mteja aliye kileleni mwa orodha, aliyeonyesha faida ya milioni 72, kwa kweli anatia hasara ya milioni 52.

Hajati anatuma lori lake mwenyewe bohari mara 2 kwa wiki. Ana oda 104, shilingi 624,000. Muuzaji humpigia simu na kupita kwake mara moja moja, milioni 1 na nusu. Analipa ndani ya siku 3, riba haifiki laki 8. Marejesho yake kwa mwaka hayazidi 6. Kumhudumia kote ni milioni 3, na faida yake ghafi, hata kwa bei ile ya chini, ni milioni 52.8. Anaacha karibu milioni 50. Huyu ndiye aliyekuwa akiandaliwa barua ya kupandishiwa bei. Angeipata, angehamia kwa msambazaji jirani siku hiyohiyo, maana Kikuubo bei inatembea mlango kwa mlango kabla chai haijapoa, nasi tungebaki na supamaketi tukijiuliza mwisho wa mwaka faida imekwenda wapi.

Hali hii si ya Kampala peke yake. Kampuni ya Kiswidi ya Kanthal, watengenezaji wa nyaya za kupashia joto, ilifanya hesabu ya namna hii miaka ya 1980. Asilimia 20 ya wateja wake walikuwa wakileta asilimia 225 ya faida yote. Asilimia 70 walikuwa karibu na sifuri. Asilimia 10 waliobaki walikuwa wakiteketeza asilimia 125. Na wawili kati ya wale waliotia hasara kubwa zaidi walikuwa miongoni mwa wateja 3 wa kwanza kwa ukubwa wa mauzo. Hilo halishangazi ukilifikiria. Mteja mdogo hawezi kukutia hasara kubwa hata akijitahidi. Hana oda za kutosha. Hasara kubwa inahitaji mteja mwenye nguvu ya kudai punguzo, safari za mara kwa mara na siku za kulipa, vyote kwa pamoja.

Kwa Uganda kuna kodi ya zuio ambayo haimo kwenye vitabu vya wenzetu wa Ulaya. Wanunuzi wengi wakubwa wameteuliwa na URA kuwa mawakala wa zuio, na malipo ya bidhaa yanayozidi shilingi milioni 1 wanayakata asilimia 6, ambayo muuzaji anakuja kuidai dhidi ya kodi yake ya mapato. Wasambazaji wengi huipuuza kwa kuwa "ni pesa yetu, itarudi." Lakini kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Ili asilimia 6 ya mauzo iishe kwenye kodi hiyo, faida yako lazima ifike asilimia 20 ya mauzo. Msambazaji gani wa sabuni anapata faida hiyo? Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka salio hukua URA huku wewe ukilipa riba benki. Walipakodi wenye rekodi safi hupewa msamaha wa zuio, na kampuni yangu ya mfano nimeichukulia kuwa nao. Isingekuwa nao, milioni 72 zaidi kwa mwaka zingekuwa zinakatwa kwa supamaketi hii pekee, na riba yake ingepaswa kuandikwa kwenye jina lake, si la Hajati ambaye hamkati mtu chochote.

Sasa mkurugenzi ameona milioni 52 za hasara na amekasirika. Anataka kumwacha mteja huyo Jumatatu. Namwomba asubiri, kwa sababu hapa ndipo uchambuzi huu mzuri unapoweza kumuumiza mtu.

Tukiiacha supamaketi kesho, tunapoteza milioni 166 zote. Je, zile 218 zote zinaondoka? Riba inaondoka kadiri deni linavyolipwa, milioni 56. Wapanga rafu wanaondoka, milioni 26, na bidhaa zinazoharibika, milioni 10. Dizeli na posho za safari ni kama theluthi ya gharama ya lori, milioni 29. Hapo tumefika karibu milioni 122. Malori yenyewe yapo, madereva wapo, karani yupo, muuzaji yupo na mshahara wake. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kampuni haitanufaika kwa milioni 52. Itarudi nyuma kwa milioni 44 hivi. Na sijataja punguzo la mtengenezaji ambalo tunalipata kwa ukubwa wa manunuzi yetu, ambalo huenda tukaanguka chini ya daraja lake.

Hesabu mbili hizi hazipingani. Ya kwanza inajibu swali la nani anatumia rasilimali za kampuni na kwa kiasi gani. Ya pili inajibu swali la pesa gani zitasimama nikifanya uamuzi fulani tarehe fulani. Wahasibu wenzangu wengi huwasilisha ya kwanza na kunyamaza, na mkurugenzi huisoma kana kwamba ni ya pili. Nimeona kampuni ikiacha wateja watatu kwa mpigo kwa jedwali la namna hiyo, na miezi sita baadaye gharama zile za malori zikawa zimewaangukia wateja waliobaki, wawili wao nao wakageuka "wa hasara".

Kilichofanya kazi kwenye mfano wetu ni kubadili matendo, si kumfukuza mtu. Tawi lilikuwa likipokea mara 2 kwa wiki kwa mazoea tu. Bidhaa hizi haziozi. Wakikubali mara 1, safari zinakuwa 416. Wakitupa saa maalumu ya kupokelewa, kila safari, hata ikiwa na mzigo mara mbili, inachukua saa 2. Saa zinashuka kutoka 2,080 hadi 832. Na lile punguzo la asilimia 3 linaandikwa upya: linatolewa kwa ankara zilizolipwa kwa wakati tu. Hata kama wastani hautafika 45 na utaishia siku 70, riba inapungua kwa karibu milioni 15. Ukiweka na milioni 52.4 za malori na milioni 2.5 za oda, mteja wa hasara ya milioni 52 anakuwa mteja wa faida ya milioni 17.5.

Isipokuwa milioni 52.4 za malori bado ni za kwenye karatasi. Tumeokoa saa 1,248, ila dereva anakuja kazini kama jana. Zikijumlishwa na saa 1,500 zilizokuwa zimelala, sasa tuna saa 2,748 bila kazi, na lori moja ni saa 2,000. Lori moja zima linaweza kuondoka. Siku mkataba wa kukodi lori la tano unapovunjwa, au lori hilo linapopata njia mpya ya wateja wanaolipa, ndiyo siku pesa inaingia. Ukisitasita hapo, umepata jedwali zuri na faida ileile ya mwaka jana.

Kwa safari za mbali upimaji huwa mgumu zaidi, na sitaki kuuficha ugumu huo. Lori likienda Arua na kushusha katoni chache Nebbi njiani, mteja wa Nebbi alipe nini? Ukimgawia kwa uzito, anaonekana rahisi mno. Ukimtoza safari nzima kana kwamba lori lilimfuata yeye, unamuua kwa kalamu. Mimi humwandikia nusu saa ya kushusha na sehemu ya njia kwa uzito, kisha naandika pembeni kwamba tarakimu yake inategemea kuwapo kwa mteja wa Arua. Akiondoka wa Arua, wa Nebbi hahudumiki kwa bei yoyote. Tarakimu moja haiwezi kubeba ukweli huo, na maandishi pembeni ni sehemu ya hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu yangu haikuliweka: hatari ya mteja kufunga. Supamaketi ya Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda mwaka 2015, Nakumatt wakafuata 2017, na wasambazaji waliachwa na madai. Zile milioni 312 zilizo mikononi mwa mteja wetu ni karibu sawa na miaka miwili ya kila kinachobaki kwake kabla ya gharama za huduma. Ukidhani uwezekano wa kufunga ni hata asilimia 3 tu kwa mwaka, ni zaidi ya milioni 9 nyingine za kuandika kwenye jina lake, na hata siku zikishuka hadi 70, bado ni karibu milioni 7 za kutoa kwenye ile faida mpya ya milioni 17.5. Asilimia yenyewe sijui mtu anayeweza kuipima kwa uhakika, ndiyo sababu nazipigania siku za kulipa kuliko ninavyolipigania lori. Siku zikipungua kutoka 95 hadi 70, riba inashuka, na kilichomo hatarini nacho kinashuka kutoka milioni 312 hadi 230.

Ukitaka kuanza, usianze na programu ya kompyuta. Anza na daftari la lori. Ongeza safu tatu: saa ya kufika kwa mteja, saa ya kuanza kushusha, saa ya kutoka. Wiki 4 zinatosha kwa wateja 20 wa kwanza. Kama lori lina kifaa cha kulifuatilia, linganisha, kwa sababu dereva anayejua anapimwa huandika saa za kukadiria. Kisha jumlisha faida za wateja wote, toa saa zilizolala na zile gharama ulizokataa kuzigawa, na uone kama unafika kwenye faida ileile iliyo kwenye vitabu. Usipofika, kuna mteja umemhesabu mara mbili au gharama umeisahau, na hakuna haja ya kuonyesha jedwali kwa mtu yeyote mpaka uipate.

Na Hajati? Barua yake ya bei ichanwe, halafu aulizwe anachotaka. Watu wa aina yake niliowauliza hawakuomba punguzo. Waliomba lori lao lipakiwe kabla ya saa moja asubuhi, liingie Kikuubo kabla njia haijaziba. Kumfungulia stoo mapema mara 2 kwa wiki, kwa vijana wawili wa kupakia, ni posho ya shilingi 40,000 kila mara. Kwa mwaka ni milioni 4.2, kwa mteja anayeacha milioni 50.